Kiti Huhesabika, Siku Hupotea: Kodi ya Makadirio ya Teksi

Juma lililopita alinijia ofisini mama mmoja wa kambini, mke wa sajini ambaye yuko kazini mbali na nyumbani. Alikuwa amebeba mfuko wa karatasi uliojaa stakabadhi, na chini ya stakabadhi hizo palikuwa na daftari la shule la kurasa 96. Tulipokwisha kujuliana hali, alimimina vyote juu ya meza yangu.

“Mwalimu,” akasema, kwani wengi kambini huniita hivyo kwa sababu ya cheti changu cha ualimu, ingawa ubao niliuacha zamani, “gari letu lilikaa gereji miezi miwili na zaidi. Nimelipa kodi ya mwaka mzima, shilingi 280,000. Na yule kijana anayeliendesha hunikata shilingi 3,000 kila siku, ati ni kodi ya serikali. Sasa mimi nalipa kodi ngapi?”

Swali lake lilikuwa na maswali matatu ndani yake, na najua kwamba nyumba nyingi za askari na polisi zina swali hilohilo. Baba huchukua mkopo wa chama cha akiba, hununua gari dogo la abiria, lile ambalo sisi Uganda huliita teksi na jirani zetu wa Kenya huliita matatu, kisha huhamishiwa kituo kingine. Mama hubaki na gari asiloliendesha, dereva asiyemwona mchana, na karatasi zisizomweleza lolote. Kwa hiyo safu ya leo nitaitoa kwa kodi hiyo: jinsi inavyopimwa kwa viti, kwa nini haipimwi kwa siku, na yaliyotokea katika nchi moja ya Afrika iliyojaribu kuhesabu siku.

Tuanze na shilingi 280,000. Sheria yetu ya kodi ya mapato inamtaka mwenye gari la biashara ya abiria alipe kodi ya awali ya shilingi 20,000 kwa kila kiti cha abiria kwa mwaka. Gari la mama huyu ni Toyota Haisi iliyoandikishwa kuchukua abiria 14. Zidisha 14 kwa 20,000, utapata 280,000. Kiti cha dereva hakimo. Mwenye gari hudaiwa kiasi hicho anapohitaji leseni ya kubeba abiria, na ndiyo maana wengi hudhani kuwa ni ada ya leseni. Sivyo. Ni sehemu ya kodi ya mapato iliyolipwa mbele, na nitarudi kwenye jambo hilo kwa sababu lina fedha ndani yake.

Kodi ya namna hii huitwa ya makadirio. Maana yake ni kwamba serikali haijui gari limeingiza kiasi gani, nayo inajua kwamba haijui. Nauli hulipwa mkononi, bila tiketi, na utingo hubeba kumbukumbu yake ndani ya ngumi. Basi serikali hutafuta kitu kinachoonekana ambacho huenda sambamba na mapato, na kukitoza hicho badala ya mapato yenyewe. Katika gari la abiria kitu hicho ni kiti. Kiti kimeandikwa katika karatasi za gari, hakiwezi kufichwa uvunguni, na afisa yeyote anaweza kufungua mlango na kukihesabu. Gari la viti 28 hutazamiwa kuingiza mara mbili ya gari la viti 14, na hulipa mara mbili.

Lakini kiti peke yake hakiingizi hata senti. Kiti huingiza fedha kinapokaliwa, katika safari, katika siku ambayo gari limetoka. Ukitaka kukadiria mapato ya teksi kwa haki, huna budi kujua mambo manne: viti vingapi, nauli kiasi gani, safari ngapi kwa siku, na siku ngapi kwa mwaka. La kwanza ni rahisi. La pili na la tatu hukaribiana kwa magari yote ya njia moja, hivyo si vigumu sana kuyakisia. La nne ndilo linalotofautiana mno kati ya gari na gari, na ndilo ambalo kiwango chetu hakilitaji. Kiwango kinataja kiti na mwaka, hakitaji siku.

Nilimwomba mama anifungulie daftari lake. Kumbe alikuwa na hazina asiyoijua. Kila jioni ambayo kijana alileta fedha, yaani shilingi 70,000 walizopatana, mama aliandika tarehe na kiasi. Siku ambayo hakuleta, aliacha mstari mtupu. Tuliketi tukahesabu kuanzia tarehe 1 Julai mpaka tarehe 30 Juni, maana ndio mwaka wa kodi. Siku zilizokuwa na fedha zilikuwa 214. Siku tupu zilikuwa 151: Jumapili 52, ambazo gari hupumzishwa, siku 63 za gereji, giaboksi ilipovunjika na fundi akangoja vipuri, siku 9 za kungoja karatasi za bima na leseni, na siku 27 ambazo mbele yake mama aliandika tu, “Amesema hali mbaya.”

Sasa gawanya 280,000 kwa siku 214. Kodi ya gari hilo ilikuwa kama shilingi 1,308 kwa kila siku ya kazi. Nyumba ya pili yake wana gari la viti 14 vilevile, lakini wana madereva wawili wanaopokezana, na tuseme gari lao hutoka siku 340 kwa mwaka. Kodi yao ni ileile 280,000, lakini kwa siku ya kazi haifiki shilingi 824. Aliyefanya kazi kidogo, na ambaye juu ya hayo alimlipa fundi, ndiye aliyelemewa zaidi. Mama alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeitunga sheria.

Mtu anaweza kusema: basi na itozwe kwa siku. Tufanye hesabu hiyo pia. Tuseme gari la kawaida hutoka siku 280 kwa mwaka. Gawanya 280,000 kwa 280, utapata shilingi 1,000 kamili kwa siku, ambayo ni kama shilingi 71 kwa kila kiti. Kwa kipimo hicho mama angelipa 214,000 na kuokoa 66,000. Jirani yake angelipa 340,000. Hesabu ni nyepesi na haki yake inaonekana. Hata hivyo, nani atakayesimama kila asubuhi kuandika kwamba gari hili limetoka na lile halikutoka?

Jambo hili halina haja ya kubuniwa, kwani Ghana ililifanya. Huko gari dogo la abiria huitwa trotro, na kama kwetu, wenye magari wengi wana gari moja au mawili tu, wana kazi nyingine, na hawaonekani kituoni. Ofisi ya kodi haikuwa na njia ya kuwafikia. Mwaka 1987 serikali ya Jerry Rawlings, iliyokuwa madarakani tangu mwisho wa 1981, iliamua kuitumia jumuiya ambayo tayari ilikuwa imesimama katika kila kituo, yaani chama cha wasafirishaji binafsi wa barabara, kijulikanacho kwa herufi zake GPRTU. Chama kilipewa kazi ya kukusanya kodi ya mapato kutoka kwa magari, kila siku gari linapofanya kazi, kwa kiwango kilichotegemea aina na ukubwa wa gari. Viongozi wa chama walibakiza sehemu ndogo ya makusanyo kuwa ujira wao, na iliyobaki waliipeleka katika idara ya mapato.

Angalia jinsi mpango huo ulivyokuwa na akili. Dereva wa trotro hapati mshahara wa mwezi. Hupata fedha kila siku na humpelekea mwenye gari kila siku. Kumdai mtu huyo kodi ya mwaka kwa mkupuo mmoja ni kumdai kitu asichokuwa nacho mkononi. Kumdai kidogo kila asubuhi, mahali ambapo lazima apite ili apakie abiria, ni kumdai wakati fedha ipo. Na gari lililo gerejini halipiti kituoni, kwa hiyo halilipi. Siku zilijihesabu zenyewe. Wataalamu Anuradha Joshi na Joseph Ayee, walioutafiti mpango huo kwa kirefu, waliuona kuwa mfano wa serikali kuwafikia watu wasiofikika kwa kupitia chama chao wenyewe. Baadaye Ghana ilijaribu kuupanua kwa wafanyabiashara wengine wadogo, lakini haukufanya vizuri kama kwa wenye magari. Sababu si ngumu kuiona: mtengeneza nywele hana kituo ambacho ni lazima apite kila asubuhi.

Hata kwa magari, lakini, mpango ulikuwa na matundu, na matundu hayo yanastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu yatatokea popote siku zitakapohesabiwa. La kwanza ni kwamba dereva asiyetaka kulipa hukwepa kituo na kuokota abiria njiani. Gari limefanya kazi, siku haikuandikwa. La pili ni mkono wa mkusanyaji. Anayeandika siku ndiye anayepokea fedha, na yeye huyohuyo ndiye anayetoa hesabu juu. Kati ya magari yaliyopita na magari yaliyoandikwa pana nafasi, na fedha ikishafika tawini huweza kuchelewa kabla haijafika serikalini. La tatu, ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote kwa mwenye gari, ni jina. Kodi ilikuwa ya mwenye gari, lakini aliyelipa kituoni alikuwa dereva. Kipande kidogo cha karatasi cha kila siku kilibaki mfukoni mwa dereva, kikafuliwa pamoja na suruali.

Mwaka 2003 Ghana iliiacha njia ya kila siku. Badala yake iliweka kodi ya mapato ya magari inayolipwa kila miezi mitatu, na mwenye gari akilipa hupewa stika ya kubandika kwenye kioo cha mbele. Kiwango hufuata daraja la gari, na katika magari ya abiria ukubwa wake huhesabiwa. Polisi aliye barabarani huiona stika bila kuuliza swali. Mkusanyaji wa kituoni aliondoka, na pamoja naye ikaondoka ile hesabu ya siku. Trotro iliyolala gerejini wiki tano ndani ya miezi mitatu hulipa stika ileile. Lakini robo mwaka ni kipindi kifupi kuliko mwaka, na gari lililolala robo nzima halina safari ya kubandikiwa stika. Nadhani hapo ndipo walipoona kwamba upungufu wa haki ni nafuu kuliko gharama ya kuitafuta haki yote.

Gharama hiyo si ndogo. Tuseme karani mmoja anasimama mlangoni pa kituo na kuandika magari 200 kwa siku, kwa shilingi 1,000 kila moja. Amekusanya 200,000. Ukimlipa ujira wa shilingi 20,000, sehemu moja ya kumi ya kodi imekwisha pale pale mlangoni, kabla ya kununua vitabu vya stakabadhi na kabla ya kumlipa yule atakayemkagua.

Hapa kwetu pia tumewahi kuwa na malipo ya kila siku vituoni, ingawa hayo hayakuwa kodi ya mapato. Chama cha UTODA kilisimamia vituo vya teksi vya Kampala kwa miaka mingi, na madereva walilipa walipopakia. Baada ya Mamlaka ya Jiji la Kampala kuundwa mwaka 2011, usimamizi huo ulitoka mikononi mwa chama. Lakini desturi ya kulipa kidogo kidogo kituoni haikufa. Bado kuna michango ya vyama vya madereva, ya zamu ya kupakia, ya kusaidiana katika misiba na maradhi. Dereva huiita yote kwa jina moja, kodi, na mwenye gari aliye nyumbani hana njia ya kujua ipi ni ya serikali na ipi ni ya kituo.

Hilo ndilo lililokuwa limempata mama yetu. Shilingi 3,000 kwa siku 214 ni shilingi 642,000, zaidi ya mara mbili ya kodi yenyewe, na kodi yenyewe aliilipa yeye kwa mkono wake. Tulizipanga stakabadhi za mfukoni kwa tarehe. Kijana, nampa sifa yake, alikuwa mtunzaji. Alizileta karibu zote, zikiwa zimefungwa kwa mpira kila mwezi. Kila moja ilikuwa ya shilingi 2,000, mchango wa chama cha madereva wa kituo chake. Hakuna hata moja iliyokuwa ya Mamlaka ya Mapato. Kwa hiyo katika zile 3,000, shilingi 2,000 zilikuwa halali kwa kazi ya gari ingawa hazikuwa kodi, na shilingi 1,000 hazikuwa na karatasi. Kwa siku 214, hiyo ni 214,000.

Ndipo likatokea jambo ambalo hatukulitafuta. Stakabadhi za kituo zilikuwa 221, ilhali siku za fedha katika daftari zilikuwa 214. Tulirudia kuhesabu, kwani niliwahi kufundisha darasa la tano na najua hesabu ya kwanza ni ya kuvunja kalamu. Zilikuwa 221. Tukatafuta tarehe saba zilizozidi, na zote zilikuwa miongoni mwa zile siku 27 za “hali mbaya.” Gari lilikuwa kituoni, lilipanga zamu, lilipakia, na jioni mama aliambiwa hakuna kitu. Siku saba kwa shilingi 70,000 ni 490,000. Mama alinyamaza kwa muda. Kijana huyo ni mtoto wa dada ya mumewe.

Sikumwambia kwamba ameibiwa, wala siandiki hivyo hapa. Huenda siku hizo gari lilipakia mara moja likaharibika njiani. Huenda nauli haikufikia mafuta. Stakabadhi ya kituo inathibitisha kwamba gari lilifika, haithibitishi lilichopata. Lakini siku ambayo imeandikwa mahali pawili na watu wawili tofauti ni siku inayoweza kuulizwa. Hii ndiyo njia ambayo mkaguzi yeyote angeitumia juu ya mkusanyaji wa kituo: kitabu cha zamu za kupakia huwekwa kando ya kitabu cha stakabadhi. Gari lililo katika zamu bila stakabadhi halikulipa, au lililipa na fedha haikuandikwa. Stakabadhi isiyo na zamu inaonyesha kwamba vitabu vinauzwa. Ikiwa vitabu vyote viwili vimeshikwa na mtu mmoja, ukaguzi huo hauna maana, kwa sababu atavilinganisha usiku kabla hujafika.

Sasa turudi kwa zile 280,000, ambazo nilisema ni kodi iliyolipwa mbele. Mwisho wa mwaka mwenye gari hupeleka taarifa ya mapato yake, kodi yake hukadiriwa, na kile alichokwisha lipa kwa viti hupunguzwa humo. Kwa mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 150, kuna viwango vilivyoanza kutumika Julai 2020, na viwango hivyo vinamtofautisha mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Tuseme nauli zote za gari hili, kabla ya kutoa mafuta na ujira, zilikuwa shilingi 240,000 kwa siku. Kwa siku 221 ni 53,040,000. Katika daraja la mauzo kati ya milioni 50 na milioni 80, asiye na kumbukumbu hutozwa 400,000, basi. Mwenye kumbukumbu hutozwa 180,000 pamoja na asilimia 0.6 ya kiasi kinachozidi milioni 50. Hapa ziada ni 3,040,000, asilimia yake ni 18,240, na jumla ni 198,240.

Linganisha na 280,000 alizokwisha lipa. Bila kumbukumbu, angedaiwa 120,000 zaidi. Akiwa na kumbukumbu, hana cha kuongeza. Hapa ndipo siku, ambazo kiwango cha viti kilizisahau, zinaporudi kwa mlango wa nyuma. Anayeweza kuonyesha siku 221, tarehe kwa tarehe, pamoja na nauli za kila siku hiyo, hatozwi kama mtu asiyejulikana. Daftari la mama lilikuwa nusu ya kumbukumbu hiyo. Lilikuwa na fedha alizopokea, lakini halikuwa na nauli zilizokusanywa, na ofisi ya kodi haiishii kwenye kile kilichofika nyumbani. Tulichora safu tatu mpya: nauli ya siku kama anavyoitaja dereva, mafuta, na namba ya stakabadhi ya kituo. Safu moja zaidi aliiongeza mwenyewe, ya sababu gari likilala, na humo atabandika karatasi ya fundi.

Kulikuwa na tatizo moja ambalo daftari halikuweza kuliponya. Nilipoisoma stakabadhi ya 280,000, niliona kwamba namba ya mlipa kodi haikuwa ya mama wala ya mumewe. Ilikuwa ya mtu aliyewauzia gari. Kadi ya gari haikuwa imehamishwa, na kijana wa mtaani aliyewatayarishia malipo kwa kompyuta alitumia namba aliyoikuta katika kadi. Fedha ilitoka mfukoni mwa sajini, lakini punguzo limekaa katika hesabu ya mtu mwingine, ambaye huenda hata hajui. Ni tundu lile la Ghana, la jina, limekuja kwetu kwa njia ya kompyuta. Nilimweleza kwamba kwanza ahamishe kadi, kisha aende na mkataba wa mauzo na stakabadhi aombe malipo yasahihishwe, na kwamba hilo litamchukua siku kadhaa za kupanga foleni. Ewe uliyenunua gari mwaka huu, isome namba hiyo leo usiku. Ni mstari mmoja tu.

Neno dogo kwa ndugu zangu polisi wa barabarani. Mnaposimamisha teksi, kinachoonekana kwenu ni kiti. Gari lililolipiwa viti 14 likiwa na benchi la nyongeza nyuma ya dereva, au watu wanne katika kiti cha watatu, limekosa katika usalama, na vilevile limevunja kipimo cha kodi, kwa maana linaingiza fedha za viti ambavyo havikuhesabiwa. Lakini siku hamwezi kuziona. Dereva anayewaambia kwamba gari lilikuwa gerejini, kwa hiyo halidaiwi, anasema jambo ambalo kiwango cha kodi hakilitambui, hata kama ni kweli tupu. Hasemi uongo, ameichanganya haki na kanuni, kama mama alivyoichanganya.

Na mara nyingine haki na kanuni hutengana mbali sana. Tarehe 25 Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, magari yote ya abiria nchini yaliamriwa kusimama. Teksi ziliruhusiwa kurudi tarehe 4 Juni, na si katika wilaya zote, nazo zikabeba nusu ya abiria. Hizo ni siku 71 ambazo hakuna kiti kilichokaliwa, zikafuatwa na majuma mengi ambayo gari la viti 14 lilikuwa, kwa kweli, gari la viti saba. Kadi ya gari iliendelea kusema 14. Ukitaka kujua ni umbali gani unaoweza kuwapo kati ya kipimo na kitu kinachopimwa, hakuna mfano ulio wazi kuliko huo. Kiwango cha robo mwaka, kama cha Ghana, kingelikaribia kweli zaidi. Kwa maoni yangu, ambayo si ya ofisi, ni njia inayofaa kufikiriwa kwetu pia: kiti kibaki kuwa kipimo, kipindi kifupishwe, na atakayelaza gari robo nzima aikabidhi leseni ya gari katika ofisi mpaka atakapolirudisha barabarani. Leseni iliyo katika kabati la serikali haihitaji karani wa kuhesabu siku mlangoni.

Mama alizifunga stakabadhi zake kwa mpira, akaziweka juu ya daftari. Aliniuliza kama amwambie kijana juu ya zile siku saba au amngoje mumewe apate likizo. Nilimjibu kwamba hilo si la kodi. Akafikiri, akasema atampa kijana tarehe zile saba zilizoandikwa katika karatasi, bila neno lingine, na kumwomba aandike mbele ya kila moja gari lilikwenda wapi. Jumatatu alimtuma mwanawe kwangu aombe rula, ili azichore safu zile zinyooke.